Dondoo za sura yako ya pili

Rafiki yangu,

Dondoo zako za mapitio ya tafiti kuhusu uongozi na ari ya kazi nilizipata juzi, nikazisoma mara mbili. Nakuambia kweli kama ulivyotaka: zivunje. Umepanga mtindo mmoja wa uongozi baada ya mwingine, wa kuleta mageuzi, wa nipe nikupe, wa kuwaachia watu wajiendee, na chini ya kila mmoja fasili, kisha tafiti. Msimamizi wako atasema umeandika orodha, na tafiti zilezile zitajirudia, kwa kuwa wengi hupima mitindo hiyo yote kwa dodoso moja.

Anza na ari ya kazi, maana hapo ndipo watu hawakubaliani. Kahn, mwaka 1990, aliitazama kama mtu kujiweka mzima ndani ya kazi yake, akitaka mambo matatu: kazi iwe na maana, mtu ajihisi salama, na awe na nguvu za kujitoa. Schaufeli na wenzake, mwaka 2002, waliigawa katika nguvu, kujitolea na kuzama kazini, wakaipimia dodoso la UWES lenye maswali 17. Ukichanganya tafiti za pande hizi mbili bila kusema, matokeo yatagongana na hutajua kwa nini.

Sehemu ya pili iulize kiongozi anaifikiaje ari hiyo. Panga tafiti kwa njia zinazodai: wapo wanaosema anaongeza nyenzo za kazi kama uhuru na mrejesho, wapo wanaosema anawapa watu usalama wa kusema. Mitindo yako itaingia humo yenyewe, pale inapohitajika.

Ya tatu, ya namna tafiti zilivyopima, ndiyo ningeipa kurasa nyingi. Chukua utafiti wa kawaida: mfanyakazi anajaza siku moja dodoso kuhusu bosi wake na jingine kuhusu ari yake mwenyewe. La kwanza linagusa namna kiongozi anavyotia hamasa. UWES nayo inauliza kama kazi inamtia hamasa. Aliyeamka na furaha atapandisha alama kote kuwili, na uhusiano utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Basi kwenye jedwali lako la tafiti ongeza safu mbili: nani alijibu, na mara ngapi. Ukiona safu nzima inasema “mfanyakazi, mara moja”, pengo lako la utafiti umelipata, huna haja ya kuandika eti mada haijachunguzwa vya kutosha.

Mfano wa kulinganishia ni utafiti wa Breevaart na wenzake, 2014, uliowafuata wanafunzi 61 wa ukadeti wa jeshi la majini kwa siku 34. Kila mmoja analinganishwa na nafsi yake, siku kwa siku. Bado ni yeye anayejibu yote, kwa hiyo nao uuhoji.

Nadharia usiitengee sehemu yake. Ikae ndani ya ile ya pili. Nitumie jedwali kabla hujaandika aya hata moja.

Wako,
yule yule wa meza ya nyuma