Nimeonja usingizi Pangani, mke wangu hataki tuhamie huko

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kilosa. Mimi ni mstaafu wa reli. Maisha yangu ya kazi yaliishia kwenye njia, kwanza kibarua wa gengi, baadaye mnyapara, katika kipande cha Reli ya Kati kinachotoka Kilosa kwenda Gulwe. Aliyewahi kupita pale kwa treni ya zamani anakijua. Reli inafuata bonde la Mto Mkondoa, mlima upande huu, mto upande ule. Mvua ikinyesha huko juu, wewe uliye bondeni unaweza usione hata tone, lakini mto unashuka na magogo na mchanga, unaanza kula tuta. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mafuriko ya Kilosa yaliibomoa njia, treni zikasimama kwa miezi.

Haya nayaeleza ili uelewe habari ya usingizi wangu. Tuta huliwa kimyakimya. Maji hutoa udongo chini, reli na mataruma vikabaki vinaning'inia, na ukitazama umesimama unaona njia nzima haina tatizo. Inabidi uchuchumae, jicho liwe usawa wa reli, uitazame hadi mwisho wa macho. Ukiona imebonyea mahali, ujue chini pametitia. Hapo unagonga taruma kwa nyundo na kusikiliza kama limekaa juu ya kokoto au juu ya tundu. Masika tulikuwa tunaikagua njia usiku kwa taa, na bendera nyekundu, na fataki za kutega juu ya reli kumwonya dereva, maana treni ya mizigo ikishakolea mwendo haisimami upesi. Nyumbani, mvua ikigonga bati tu, mimi nilikuwa nimeshavaa mabuti kabla hawajaja kuniita.

Likizo ya siku 28 nilipewa kila mwaka. Iliishia shambani, au kwenye misiba ya kijijini, au kumsindikiza mtoto shule ya bweni. Kwenda mahali kukaa tu, sikuwahi.

Mwaka huu watoto walichangishana wakatupeleka mimi na mama yao Pangani, mwishoni mwa Machi. Tulipanda treni mpya ya umeme hadi Dar es Salaam. Njia hiyo mpya wameitoboa milimani kwa mahandaki upande huu wa Kilosa, nami nilibandika uso dirishani kuangalia mifereji ya maji walivyoijenga. Kutoka Dar tukaenda kwa basi hadi Tanga, kisha Pangani, tukavuka mto kwa kivuko na kufikia nyumba ya wageni ufukweni, kusini ya Bweni.

Siku za kwanza nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nakaa nje kuangalia maji. Mzee mmoja mvuvi aliniona, akanifundisha ratiba ya bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda sana na kupwa mbali sana. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Nilianza kuandika saa za kujaa kwenye daftari, na kila nilichoandika bahari ilikitimiza. Mtu aliyeishi na mto usio na ratiba atanielewa furaha niliyoipata.

Usiku mmoja masika yakafungua. Mvua ya kweli, na bati ni lilelile. Nikaketi kitandani, miguu chini, natafuta mabuti. Mama watoto akanishika mkono, akasema, "Baba, lala. Mvua hii si yako." Nikalala. Niliamka jua limeshachomoza, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu ujana. Na usiku uliofuata hivyohivyo.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kiinua mgongo changu kimebaki kiasi cha kununua kiwanja kidogo na kujenga vyumba viwili. Mtu wa kwanza alinionyesha eneo palepale ufukweni, pazuri kwa macho. Nilichuchumaa kama nilivyozoea. Ukingo wa mchanga ulikuwa umekatika wima, urefu wa goti, na minazi ya mbele mizizi iko nje upande wa bahari. Yule mvuvi akanionyesha ndani ya maji mahali ambapo enzi za ujana wake palikuwa na safu nyingine ya minazi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari. Nikahesabu hatua kutoka alama ya maji ya bamvua, mita 60 zikaisha nje ya kiwanja, nyuma ya jiko la jirani. Nikamshukuru muuzaji, nikaondoka.

Kiwanja cha pili ni cha ndugu wa yule mvuvi, ng'ambo ya barabara, pameinuka, udongo mwekundu ulioshikana. Mwenyekiti wa kijiji amesema suala lazima lipite halmashauri ya kijiji, nami nimelipenda hilo. Wako tayari kunisubiri hadi kusi litakaposhika, lakini si zaidi.

Tatizo ni mama watoto. Bahari ameipenda. Aliingia na kanga yake hadi kiunoni, akacheka kicheko nilichokuwa nimekisahau. Lakini nilipomweleza habari ya kuhama alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia hivi: "Nimehama nawe Kidete, nikahama Godegode, nikahama Gulwe, nikarudi Kilosa. Kila nyumba ilikuwa ya reli. Hii ya sasa nimeijenga kwa karanga na mandazi niliyouza stesheni. Siihami."

Sina jibu la maneno hayo, kwa sababu ni kweli tupu. Matofali ya nyumba ile aliyalipia yeye. Wajukuu wako hapo, kikundi chake cha akina mama kiko hapo, kaburi la mtoto wetu wa pili liko hapo. Lakini na mimi nasema kweli. Tangu turudi Kilosa mvua imenyesha mara kadhaa, na kila mara nimejikuta nje na tochi, naelekea relini, mahali ambapo wapo vijana wanaolipwa kufanya kazi hiyo. Yeye ananifuata kwa mwavuli bila kusema neno. Naona anachoka.

Binti yetu anashauri tusinunue chochote, tukodi chumba Pangani kila mwaka masika yanapoanza, turudi mvua zikipungua. Mama watoto amekubali mwezi mmoja. Masika yanazidi mwezi mmoja, na vuli nayo ipo. Kijana wetu anasema ninunue kiwanja kimyakimya, mama atazoea. Hilo nimelikataa. Sitamficha mke wangu jambo la fedha uzeeni.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji, hasa wanawake waliohamahama na waume zao kikazi. Nikimwomba tena, hata kwa upole, je, ni haki, au tayari nimeomba kupita kiasi? Nikikaa Pangani peke yangu miezi ya mvua, yeye akabaki Kilosa na wajukuu, ndoa ya wazee inahimili hilo? Na wastaafu wenzangu wa reli, mliobaki kuishi kando ya njia, nyinyi mnalalaje mvua ikinyesha?

Ni mimi,
Mnyapara mstaafu, Kilosa