Kivuli cha tanki kipo, mbona bomba bado linatoa maji ya moto?

Kuanzia Septemba mpaka mvua zianze, simu ninazopokea zaidi ni za aina moja: "Fundi, nimelipia kivuli cha tanki na maji bado ya moto." Juzi alipiga mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, wala hakuficha: "Umenilia hela yangu." Iliniuma, maana fremu ile niliichomelea mwenyewe.

Nilifika saa tisa alasiri. Nikapanda mnarani, nikaweka kiganja kwenye ubavu wa tanki upande wa magharibi, ambako jua hupiga muda huo. Palikuwa na uvuguvugu kidogo tu. Nikashuka, nikamwomba ndoo na jagi la lita moja, tukafungua bomba la jikoni tukiwa wote wawili. Jagi la kwanza hakuweza kuzamisha kidole. La pili na la tatu vivyo hivyo. La nne likaanza kupoa, na kuanzia la tano maji yakawa ya kawaida mpaka ndoo ikajaa.

Tanki lake ni la lita 2,000. Lingekuwa limechemka lenyewe, ndoo nzima ingekuwa ya moto, na inayofuata pia. Yaliyokuwa ya moto ni yale yaliyolala ndani ya bomba. Kutoka mnarani hadi jikoni kuna mita 14 za bomba la milimita 25, lililolazwa juu ya mabati. Bomba la aina hiyo hubeba kama robo lita kwa kila mita, kwa hiyo mita 14 ni lita tatu na nusu. Ndiyo yale majagi. Na kila ukifunga bomba kwa muda, maji mapya yanakaa juu ya bati na kuanza kuchemka upya.

Kwenye kotesheni ya kwanza kazi ya bomba ilikuwemo. Aliikata ili bei ishuke, na nilimwandikia kwenye risiti kwamba bomba halijaguswa. Nilimwonyesha bila kugombana naye.

Tulichofanya ni kuliondoa bomba juu ya paa. Likashuka kwenye ukuta wa mnara, likaingia mtaroni sentimita 50 chini ya ardhi hadi nyuma ya jikoni. Vipande viwili vilivyobaki nje tulivivisha sponji nyeusi ya bomba, ile ya mafundi wa viyoyozi, tukaifunga kwa tepu ya rangi ya fedha. Sponji ikiachwa uchi, jua la hapa linaikausha na kuipasua. Tunafunika hadi elbo na valvu, sehemu ambazo wengi huziruka kwa sababu kuzikatia sponji kunachukua muda. Tulipopima tena saa tisa, jagi la kwanza lilikuwa vuguvugu, la pili la kawaida.

Wanaolalamikia bei ya fremu nao niwaeleze. Bati tunaliinua sentimita 40 juu ya mfuniko, kwa sababu bati lenyewe hupata moto, na upepo lazima upite katikati. Nafasi hiyo pia inamwezesha mtu kufungua mfuniko na kusafisha tanki. Upande wa magharibi tunashusha mbao zenye mianya. Miguu tunaifunga kwa bolti kwenye zege la mnara, kamwe si kwenye mabati ya nyumba, maana upepo wa Dodoma mnaujua. Kule Nkuhungu nimewahi kuitwa kuondoa kivuli kilichofungwa kwa waya. Kilikuwa kimeangukia paa la jirani, na mwenye nyumba akalipia mabati ya watu pamoja na fremu mpya.

Njia ya mkato ninayoikuta sana ni turubai lililofungwa moja kwa moja kwenye tanki. Turubai linashika joto na kulipeleka kwenye plastiki, na hewa haipiti. Wengine hupaka tanki jeusi rangi nyeupe ya mafuta. Plastiki ile haishiki rangi. Inabanduka magamba, ukipaka tena unabandua tena.

Na wapo wanaotaka tanki lote livikwe magodoro. Tanki likiwa kivulini sishauri. Usiku wetu ni wa baridi, na tanki lililo wazi ubavuni hutoa joto lote la mchana hadi alfajiri. Ukilivika, joto linabaki humo. Kuvika tunafanya pale tu ambapo fremu haiwezi kusimama, kwa styrofomu ya sentimita 5 iliyofunikwa bati jeupe nje ili mvua isiingie.

Kivuli hakigeuzi tanki kuwa friji. Mwisho wa Oktoba maji yatakuwa na uvuguvugu hata kwa kazi nzuri, hasa mgao ukichelewa na tanki likabaki robo, kwa kuwa maji machache hupata joto haraka. Na Julai maji ya asubuhi yatakuwa ya baridi kuliko ulivyozoea.

Kabla hujapiga simu, pima kwa jagi saa tisa alasiri, kisha niambie ni la ngapi lililoanza kupoa.