Mashine Ikigoma, Soma Kwanza Ilichoandika

Wiki hii tena mteja ametoka dukani akisema wakala nimemla laki mbili zake. Mashine iliandika HOST NOT AVAILABLE, yeye akaamini nimeiharibu kadi na hela nimebaki nayo. Lalamiko hili limekuwa la kila mara, kwa hiyo nalieleza hapa.

Ukiona CARD READ ERROR, mashine imeshindwa kusoma chipu. Ombi la kutoa hela bado halijakwenda benki, hivyo jaribio hilo haliwezi kukukata chochote. Mimi huipangusa chipu kwa kitambaa laini kikavu na kuichomeka tena mpaka mwisho. Ikigoma, najaribu kadi nyingine kwenye mashine ileile. Hiyo ikisoma, basi yako ndiyo mbovu, ipeleke benki. Kuna mama aliisugua yake kwa msasa nyumbani, akaukwangua ule utando mwembamba wa dhahabu. Akalipia kadi mpya, wakati kitambaa kingetosha.

HOST NOT AVAILABLE ni jambo jingine kabisa. Kadi imesomeka vizuri, ila mashine haijapata mawasiliano na benki: ama laini yake imekosa mtandao, ama mfumo wa benki uko chini. Kupangusa kadi hapo hakusaidii, na kuomba kadi mpya ni kutupa hela.

Kinachowaponza wateja ni kukimbilia kwa wakala wa pili. Mashine ikishindwa kabisa kuunganishwa, hakuna kilichotokea. Lakini zipo mashine zinazoandika hivyo hivyo hata pale ombi lilipofika benki na jibu likapotelea njiani, na hapo akaunti inaweza kuwa imeshakatwa. Ndicho kilichompata huyu mteja. Alikuwa na laki nne na nusu. Kwangu muamala ukakwama, nikamwomba asubiri ujumbe wa benki, akakataa. Akatoa laki mbili kwa jirani, kuangalia salio akakuta haifiki hata elfu hamsini.

Mashine huutunza muamala uliokwama, na mtandao ukirudi hutuma yenyewe ombi la kuurudisha kabla ya kupokea mwingine. Ndiyo maana siizimi, hata mkinung'unika kwamba nawachelewesha. Jioni ile ombi likaenda, laki mbili zikarudi kwenye akaunti yake.

Makato ya kutoa hela hupangwa na benki, nami nimeyabandika ukutani kila mtu ayaone. Kwa muamala uliokwama sichukui hata senti.

Kwa hiyo mashine ikikosa benki, subiri ujumbe wa simu au uangalie salio kabla ya kurudia. Ukikuta umekatwa, nidai risiti ya muamala ulioshindikana. Ina tarehe, saa, kiasi na namba ya mashine, na kwa hizo benki wataufuatilia. Namba yako ya siri hawaihitaji, usimtajie yeyote, hata mimi.