Hisa ya dola 4.73 iliyokuwa ghali sawa na ya dola 55

Wateja wengi wanaokuja kwetu kununua hisa huanza na safu ya bei. Wakiona kampuni iliyowahi kuuzwa 55 na sasa iko chini ya 5, husema: "Hii imeshuka sana, nipatie nyingi kabla haijarudi." Tunaelewa kwa nini inavutia. Lakini kabla hatujapeleka oda ya namna hiyo sokoni, huwa tunamwomba mteja akae kidogo tumwoneshe namba moja ambayo safu ya bei haina: idadi ya hisa za kampuni nzima.

Hisa ni kipande tu. Bei yake inakwambia kipande kimoja kinauzwa kiasi gani, haikwambii kampuni imekatwa vipande vingapi. Ukitaka kujua soko linaithamini kampuni nzima kwa kiasi gani, zidisha bei ya hisa kwa idadi ya hisa zote.

Mfano tunaopenda kuutumia ni benki ya Marekani, Citigroup, kwa sababu hesabu zake ziko wazi kwa yeyote. Mwishoni mwa 2006 hisa yake iliuzwa karibu dola 55, na hisa zote zilikuwa takriban bilioni 4.9. Benki nzima ilithaminiwa dola bilioni 270 hivi. Ukaja msukosuko wa fedha, na Machi 2009 bei ikashuka hadi chini ya dola 1. Kufika mwisho wa 2010 ilikuwa imepanda tena hadi dola 4.73.

Aliyekumbuka ile 55 aliona punguzo la zaidi ya asilimia 90. Jambo ambalo hakuliona ni kwamba, ili isizame, mwaka 2009 benki ilitoa hisa mpya kwa wingi. Serikali na wawekezaji wengine waliokuwa na hisa za upendeleo, yaani zile zinazotangulia kulipwa gawio, walizibadilisha kuwa hisa za kawaida kwa dola 3.25 kila moja, kisha Desemba mwaka huohuo zikauzwa nyingine nyingi ili kupata fedha za kuirudishia serikali ilichoipa benki. Hisa zikafika takriban bilioni 29. Zidisha kwa 4.73 utapata kama dola bilioni 137. Kwa hiyo wakati bei ya hisa ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya asilimia 90, thamani ya benki nzima ilikuwa imepungua kwa nusu tu.

Sasa tazama upande wa faida, maana hapo ndipo neno "rahisi" linapopimwa. Mwaka 2006 benki ilipata faida ya dola bilioni 21.5, sawa na dola 4.31 kwa kila hisa. Mwaka 2010 ilipata bilioni 10.6, lakini faida hiyo iligawanywa kwa vipande vingi mno, kila hisa ikaambulia senti 35. Gawanya bei kwa faida ya hisa moja katika miaka yote miwili: jibu ni karibu 13. Mnunuzi wa 2010 alilipa dola 13 kwa kila dola moja ya faida ya mwaka, kama alivyolipa mnunuzi wa 2006. Hakupata punguzo lolote.

Na je, ingerudi 55? Kwa hisa bilioni 29, benki ingelazimika kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 1,600. Wakati ule hapakuwa na kampuni duniani iliyokaribia kiasi hicho.

Mei 2011 benki iliunganisha hisa zake, kila 10 zikawa 1. Bei ikaruka ghafla kutoka 4.5 hivi hadi karibu 45, na hakuna aliyetajirika, kwani mwenye hisa 1,000 alibaki na 100. Hapa kuna mtego unaotusumbua sana: michoro ya bei hurekebishwa kufuata muunganiko kama huo, hivyo ukifungua mchoro leo, ile 55 ya 2006 inaonekana kama 550. Anayetazama mstari peke yake anaweza kuota bei ambayo hakuna mtu aliyewahi kuilipa.

Hivyo, mteja akituletea jina la kampuni, tunafungua ripoti zake za mwaka za miaka mitano na kuandika idadi ya hisa ya kila mwaka. Ikiwa inapanda kwa kasi, bei ya zamani tunaiweka kando. Tunasoma pia faida kwa hisa ile iliyohesabiwa pamoja na hisa zinazoweza kuzaliwa baadaye, kutokana na mikopo inayogeuka hisa au hisa walizoahidiwa wafanyakazi. Kisha tunaangalia madeni, kwa sababu bei mara idadi ya hisa haiyahesabu, na kampuni inayoonekana ndogo inaweza kuwa imebeba mzigo mkubwa. Hata ile 13 haitoshi kuamulia, kwani faida ya mwaka mmoja, hasa ya benki, hupanda na kushuka kulingana na akiba inayotengwa kwa mikopo mibovu.

Kazi hii huchukua kama saa moja kwa kampuni moja. Tunaifanya tukiwa na mteja mezani, kalamu ikiwa mkononi mwake.