YAH: Malalamiko kuhusu majibu ya kuotesha mkojo wa binti yangu na maneno niliyoambiwa kaunta

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Taratibu zenu mnazijua, mmezibandika wenyewe pale mapokezi, hivyo sitazirudia. Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo nimeitafuta siku nne kabla ya kushika kalamu.

Jumatatu nilisimama kaunta na karatasi ya majibu mkononi. Nikamwomba msimamizi wa zamu anieleze kwa nini mjamzito asiye na homa, asiyesikia maumivu wala kuungua akikojoa, ameandikiwa maambukizi ya stafilokokasi. Karatasi hakuigusa. Akasema, mbele ya watu waliojaa kwenye mabenchi: "Mama, kamfundishe binti yako kunawa kwanza, ndipo uje kulalamika." Binti yangu alikuwa nyuma yangu, mimba ya wiki 22, kanula ya sindano bado mkononi.

Bwana yule hakujua kwamba mimi nimekaa kwenye benchi la maabara miaka 27 kabla ya kustaafu. Mkojo nimeuotesha kabla yeye hajaanza shule. Sasa tuisome pamoja hiyo karatasi ambayo hakutaka kuiona.

Mmeandika "stafilokokasi isiyo na koagulesi, zaidi ya koloni 100,000 kwa mililita", chini yake orodha ya dawa zinazoiua. Daktari akiona 100,000 anashtuka, na simlaumu. Kipimo hicho kinatokana na kazi ya Daktari Kass kule Boston miaka ya 1950, na kila aliyepita chuo cha maabara amekikariri. Lakini Kass huyohuyo alipima wanawake wasio na dalili, akaona kwamba sampuli moja peke yake inaweza kudanganya, ndiyo maana akataka irudiwe. Ya pili ikiotesha mdudu yuleyule kwa wingi uleule, hapo unaamini. Nyie mmeotesha mara moja, mkatoa hukumu.

Halafu hiyo namba imepatikanaje? Fomu yenu inasema sampuli ilichukuliwa kituo chenu kidogo saa 2:20 asubuhi na kupokelewa maabara kuu saa 8:15 mchana. Karibu saa sita. Ilikuja kwa bodaboda, kwenye mfuko wa rambo, bila barafu, kwa joto la Dar mwezi wa pili! Mkojo ni chakula cha bakteria. Ukishindwa kuuotesha ndani ya saa mbili unauweka kwenye friji, au unatumia kichupa chenye asidi ya boriki kinachowazuia wasizaane. Tufanye binti alitoa mkojo wenye bakteria 2,000 tu kwa mililita, waliodondoka kutoka kwenye ngozi. Kwa kitanzi cha mikrolita moja, ambapo kila koloni huhesabiwa kama 1,000, zingeota koloni mbili tu na mngezipita. Wape mwendo wa kizembe, wajigawe mara moja kwa saa: baada ya saa sita wamekuwa mara 64, yaani 128,000. Wadudu hao wamezaliwa barabarani, kwenye pikipiki yenu. Hawakutoka kwenye kibofu cha mwanangu.

Na hata bila hesabu, karatasi yenyewe inajishtaki. Kwenye darubini mmeandika seli za usaha 1 hadi 2, na seli za epitheli "nyingi sana". Kibofu kikiwa na maambukizi, kwa kawaida mwili hupeleka askari wake, na askari hao ndio usaha. Zile seli pana za epitheli hutoka kwenye ngozi na njia ya uzazi. Zikijaa, maana yake mkojo umeosha mwili wa nje ukaingia kichupani. Mtu wenu alizihesabu, akaziandika kwa mkono wake, kisha akaotesha bila kuomba sampuli nyingine. Kwa nini?

Kuna kijana mmoja pale kwenu (msimfukuze, ndiye pekee aliyekuwa na adabu) aliyeniambia kwamba sahani iliotesha koloni za sura tatu. Mkachagua iliyozidi, mkaiwekea vidonge vya dawa. Sura tatu zikikua pamoja kwa mtu asiye na mpira wa mkojo, jibu ni moja: "ukuaji mchanganyiko, huenda sampuli imechafuka, lete nyingine." Orodha ya dawa haitolewi kabisa, kwa sababu daktari akiiona ataitumia. Na aliitumia. Siku tatu za seftriaksoni kwenye mshipa, na kuharisha kulikomtoa nguvu.

Msiniambie kwamba si kila stafilokokasi isiyo na koagulesi ni ya kupuuzwa. Najua. Ipo saprofitikasi, ambayo huwapa wasichana UTI ya kweli, na kidonge cha novobiosini huitenga na wenzake: yenyewe haishtuki, epidermidisi ya ngozini hufa. Hamkuiweka. Najua pia kwamba mwanamke anayeungua akikojoa anaweza kuwa mgonjwa kweli kwa E. koli 1,000 tu, au pungufu. Ndiyo maana namba peke yake si jibu. Inatazamwa pamoja na mdudu ni nani, yuko na nani, usaha upo au haupo, na mgonjwa anasikiaje.

Nilipompigia afisa wenu wa huduma kwa wateja, aliniambia kwamba kipimo tulichorudia hospitali nyingine kimetoka safi "kwa sababu dawa imefanya kazi". Baada ya siku tatu za seftriaksoni chochote kingetoka safi. Kipimo hicho hakiwatetei nyie, wala hakinitetei mimi. Ushahidi wangu ni karatasi yenu wenyewe.

Narudi kaunta, kwa sababu usingizi unanikimbia nikikumbuka. "Kamfundishe binti yako kunawa." Watu walicheka. Mmoja alinyanyua simu, sijui alirekodi. Binti yangu akatoka nje akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso na mtandio. Sasa, Ndugu Meneja, pima maneno ya msimamizi wako. Kama tatizo lilikuwa kunawa, basi alikubali mwenyewe kwamba wadudu wale ni wa ngozi. Kama ni wa ngozi, kwa nini mliandika maambukizi? Na hakuna aliyemfundisha. Alipewa kichupa, akaonyeshwa choo kwa kidole. Hakuambiwa anawe, atanue, mkojo wa mwanzo auache uende, akinge wa katikati bila kugusa ndani ya kichupa. Ni maneno ya nusu dakika!

Nilipoanza barua hii nilitaka majibu yafutwe kwa maandishi na fedha ya kipimo irudishwe. Sasa nataka pia gharama za sindano tatu na kanula, risiti nimeambatisha. Nataka msimamizi yule aje nyumbani amwombe radhi binti yangu kwa mdomo wake. Na nataka mpitie majibu yote ya mkojo yaliyotoka kituo kile tangu Januari yenye stafilokokasi na usaha haba, muwapigie madaktari wao, maana mwanangu hawezi kuwa wa kwanza.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii na fomu yenye saa zote mbili zitakuwa Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Baada ya hapo tutaongea kupitia wakili.

Wenu,

Mama wa mgonjwa
(namba ya risiti imo kwenye viambatisho)

Nakala: Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Bahasha imeshaandikwa anwani, haijatiwa gundi.