Nimeitwa kwenye usaili saa ileile nina kikao na wakaguzi. Niwajibuje?

Ndugu Mhariri, salaam.

Mimi ni mhasibu, bado niko kazini, na nimeomba kazi sehemu nyingine bila mwajiri wangu kujua. Jana jioni nilipokea barua pepe ya mwaliko: usaili wa nafasi ya Mhasibu Mwandamizi, Jumanne tarehe 14, saa 4:00 asubuhi. Kuna jaribio la maandishi la dakika 45, kisha jopo la watu watatu. Wanataka nithibitishe kabla ya Ijumaa saa 6:00 mchana.

Jumanne hiyohiyo saa 3:00 asubuhi, wakaguzi wa nje wanakuja ofisini kwetu kwenye kikao cha kufunga ukaguzi wa mwaka. Tarehe waliipanga wao, zamani. Hesabu za kulinganisha daftari letu na taarifa za benki nimezitengeneza mimi, na maswali yote yaliyobaki yanahusu hizohizo. Siwezi kumwachia mwenzangu. Kusema naumwa siwezi pia, kwanza kwa sababu ni uongo, na pili kwa sababu mtu akiugua siku ya wakaguzi, ofisi nzima humuulizia. Vikao hivi kwa kawaida huisha kwenye saa 7:00 mchana.

Kaka yangu anasema nisithubutu kuomba mabadiliko, maana waombaji ni wengi na watamchukua anayefuata. Rafiki yangu aliyewahi kuwa ofisa utumishi anacheka akisikia hivyo. Anasema maombi ya kubadili saa huja karibu kila usaili, na kinachomuudhi mpangaji si ombi lenyewe bali ombi linalomwachia kazi yote. Mtu anaandika "saa hiyo sitaweza, naomba mnipangie muda mwingine", basi. Mpangaji hajui aanzie wapi, anaiweka barua kando, na ratiba inaendelea kujaa.

Alinieleza pia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Siku ya usaili jopo huwa limeshakusanywa, na waombaji hupangwa mmoja baada ya mwingine. Kumtoa mtu asubuhi kumpeleka alasiri ni kubadilishana nafasi tu na mwombaji mwingine. Kumhamishia siku nyingine ni kuwatafuta upya watu watatu wenye ratiba tofauti, tena palipo na jaribio la maandishi inabidi wafikirie kama maswali yatakuwa yamevuja au waandae mengine. Kwa hiyo ombi la kwanza liwe la siku ileile, na siku nyingine zije nyuma yake kama akiba. Na nijibu mapema, wakati nafasi za alasiri bado zipo.

Kwa ushauri huo nimeandika hivi:

"Kuh: Usaili wa Mhasibu Mwandamizi, Jumanne tarehe 14: ombi la kubadili saa

Habari za kazi,

Asanteni kwa kunialika kwenye usaili. Bado naihitaji nafasi hii na ningependa kukutana na jopo.

Jumanne saa 4:00 asubuhi nina kikao cha kikazi kilichopangwa kabla ya mwaliko huu, ambacho siwezi kukihamisha wala kumwachia mtu mwingine. Je, itawezekana nisailiwe siku hiyohiyo, kuanzia saa 9:00 alasiri (15:00)? Ikiwa alasiri imejaa, niko tayari Jumatano tarehe 15 au Alhamisi tarehe 16, kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Jaribio la maandishi nitalifanya kabla au baada ya mahojiano, mtakavyopanga.

Samahani kwa usumbufu. Napatikana kwa simu iliyoko kwenye maombi yangu."

Saa nimeiandika kwa namna mbili kwa sababu barua yao ilisema saa 4:00 asubuhi, lakini kalenda waliyoambatanisha inaonyesha 10:00. Sitaki mtu mmoja wa jopo aelewe vingine.

Hiyo kalenda nayo ina vitufe vya Ndiyo, Labda na Hapana. Nilikaribia kubonyeza Hapana, halafu nikajiuliza kitakachofika upande wa pili. Kitakachofika ni taarifa fupi kwamba fulani amekataa mwaliko, na aliyeipokea anaweza kulifuta jina langu kabla hajafungua barua yangu. Nimeuacha mwaliko ulivyo mpaka wanijibu. Ninajibu kwenye barua ileile waliyonitumia, kwa ofisa aliyeisaini, na walionakiliwa nimewaacha humohumo.

Sasa yanayonisumbua. La kwanza ni sababu. Kaka yangu, ambaye ghafla amekuwa mtaalamu, anasema "kikao cha kikazi" ni maneno mepesi na niandike wazi kwamba ni kikao na wakaguzi wa nje, ili waone uzito wake. Mimi nasita. Mambo ya ukaguzi ni ya mwajiri wangu, na mtu anayeomba kazi ya fedha akianza kwa kutangaza ya ofisini kwake, jopo linaweza kujiuliza kesho atatangaza yapi ya kwao. Lakini ni kweli pia kwamba sababu isiyo na sura inafanana na kisingizio. Nadhani maneno "siwezi kukihamisha wala kumwachia mtu mwingine" yanatosha kubeba uzito huo, ila sina hakika.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Mwishoni nilikuwa nimeweka sentensi hii: "Ikiwa haitawezekana, nitahudhuria kwa muda uliopangwa." Nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta tena. Ni ya adabu, inaonyesha sitaki kuwapangia watu wenye kazi yao. Ila jiweke mahali pa mpangaji: umeambiwa huyu anaweza kuja saa uliyompa, utahangaika na ratiba kwa lipi? Tena inalifuta kabisa lile nililosema juu, kwamba kikao hakihamishiki. Na wakiniambia njoo saa 4:00, nitakuwa nimeahidi jambo ambalo leo sijui kama nitaliweza.

Nikiiacha, nako kuna hofu yake. Barua inaweza kusomeka kama nawaambia wachague, saa yangu au wanikose. Kuna ofisi ambazo ratiba ya usaili haisogei kwa yeyote, waombaji wote wanasailiwa kwa mpangilio mmoja ili asiwepo wa kusema kapendelewa, na hapo ukimya wangu unaweza kuhesabiwa kuwa nimejitoa. Nimefikiria njia ya katikati: "Ikiwa muda hauwezi kubadilishwa, naomba mnijulishe mapema ili nione namna ya kufanya." Sentensi hii haiahidi wala haikatai, na inawalazimu wanijibu. Rafiki yangu ameipenda. Kaka yangu anasema inanuka ujanja.

Naomba mnisaidie, hasa mliowahi kukaa upande wa pili wa meza. Mngeipokeaje barua hii bila sentensi yoyote ya mwisho, na mngeipokeaje ikiwa na ile ya katikati? Na je, baada ya kuituma nipige simu kuuliza kama imefika, au simu itaonekana kuwa ni kuwasukuma? Nafikiria kupiga kesho alasiri, na tu kama watakuwa hawajajibu, kwa sababu Ijumaa saa 6:00 ikipita na jina langu halijathibitishwa, hata hiyo saa 4:00 naweza kuikosa.

Barua naituma kesho asubuhi kabla sijaingia ofisini. Atakayeweza kunijibu usiku huu, nitashukuru.

Mhasibu aliyebanwa