Ufunguo wa siri haufunguki kwenye simu mpya: tazama kwanza umehifadhiwa wapi

Wiki iliyopita alikuja dukani kwetu hapa Lamu mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela, akiwa na simu mpya mkononi na wasiwasi usoni. Kwa miezi kadhaa amekuwa akifungua akaunti yake ya kupokea wageni kwa kompyuta ya ofisini, bila nenosiri, kwa kuandika tarakimu chache tu. Siku hiyo alijaribu kwa simu, akaambiwa hakuna ufunguo wowote uliopatikana. "Mwanangu, simu hii mbovu, nirudishieni pesa zangu," akasema. Simu ilikuwa nzima.

Kinachoandikwa "Passkey" kwenye skrini, nasi tunakiita ufunguo wa siri, kwa hakika ni jozi ya funguo mbili zinazotengenezwa kwa ajili ya tovuti moja. Mmoja hupewa tovuti, na hata ukiibwa huko haumfai mwizi. Wa pili hubaki upande wako, na tovuti haiuoni kamwe. Unapoingia, tovuti hutuma fumbo ambalo ufunguo wako pekee ndio unaoweza kulitia sahihi, na alama ya kidole au PIN yako huishia kwenye kifaa, kazi yake ikiwa ni kuuruhusu ufunguo utumike. Kwa hiyo kujua PIN bila kuwa na ufunguo wenyewe hakusaidii kitu, na hapo ndipo wateja wetu wengi wanapokwama.

Tulimwomba yule mama atupeleke kwenye kompyuta yake, tukaenda naye kwa mashua hadi Shela. Katika Windows 11 tulifungua Settings, kisha Accounts, kisha Passkeys, na jina la tovuti ile lilikuwemo kwenye orodha. Siku aliyoutengeneza ufunguo, dirisha la Windows Hello lilijitokeza, naye akaandika PIN ya kompyuta bila kujua kwamba anachagua mahali pa kuuweka. Ufunguo uliowekwa hapo haunakiliwi kwenda kwenye simu, na Windows ikifutwa na kuwekwa upya, unapotea.

Jambo hili pia ndilo linaloeleza kwa nini ufunguo huonekana kwenye kivinjari kimoja na kukosekana kwenye kingine. Ufunguo ulio ndani ya Windows Hello huonekana na Chrome, Edge na Firefox za kompyuta hiyo hiyo, kwa kuwa zote huuliza Windows. Lakini ufunguo uliohifadhiwa na Google Password Manager hufuata akaunti ya Google, hivyo Chrome iliyofunguliwa kwa akaunti hiyo huupata, ilhali Firefox iliyo kando yake haiujui. Ndiyo sababu mtu hubadilisha kivinjari tu, akadhani akaunti yake imefungwa.

Dawa ya yule mama ilikuwa kutengeneza ufunguo wa pili, kwani tovuti nyingi hukubali zaidi ya mmoja kwa akaunti moja. Akiwa bado ameingia kwenye kompyuta, tulikwenda sehemu ya usalama ya akaunti, tukaanza kuongeza ufunguo, na dirisha lilipotokea hatukukubali Windows Hello bali tulichagua "iPhone, iPad, or Android device". Msimbo wa QR ukatokea, akaupiga kwa kamera ya simu yake, akaweka kidole, na ufunguo ukahifadhiwa kwenye simu. Jaribio la kwanza lilishindikana, kwa sababu Bluetooth ya kompyuta ilikuwa imezimwa. Vifaa viwili havihitaji kuunganishwa kwa Bluetooth jinsi tunavyounganisha spika, lakini lazima iwe imewashwa pande zote mbili ili kuthibitisha kwamba simu iko karibu, na vyote viwili viwe na intaneti. Kompyuta ya mezani isiyo na Bluetooth haitaweza, hata msimbo ukionekana vizuri kwenye skrini.

Kwa anayehama kutoka Android moja kwenda nyingine, funguo zilizo katika Google Password Manager humfuata akiingia kwa akaunti ile ile ya Google, ila huenda akaulizwa PIN au mchoro wa kufungulia simu ya zamani. Tunawasihi wateja wetu wasiiuze wala kuifuta simu ya zamani kabla ya kuhakikisha kwamba wameingia kwenye mpya.

Katika saiba, ingia kwa msimbo wa QR na simu yako, na usikubali kamwe kuhifadhi ufunguo kwenye kompyuta ile, kwa maana yeyote anayejua PIN yake ataweza kuutumia. Ikiwa umeshauhifadhi huko, ingia kwenye akaunti yako leo, ufute ufunguo huo katika sehemu ya usalama, kisha uondoke kwenye akaunti katika vifaa vingine vyote.